Mchango wa Juni, fedha za Julai

"Tunapenda kuwataarifu wafanyakazi wote kuwa michango ya pensheni ya asilimia 20 ya mwezi Julai imekatwa kwenye mishahara yenu na kuwasilishwa Mfukoni kwa mujibu wa sheria. Ahsanteni kwa ushirikiano."

Tangazo la namna hii utalikuta kwenye ubao wa ofisi au kiwanda chochote nchini Tanzania, limegongwa muhuri na kubandikwa kwa pini nne. Lina adabu, ni fupi, na bosi akilipitia kwa macho atasaini bila kuuliza. Sasa lipeleke kwa mfanyakazi aliyeshika slipu yake ya mshahara mkono mmoja na taarifa yake ya uanachama wa NSSF mkono wa pili. Ataanza kukuna kichwa. Slipu inasema amekatwa asilimia 10, tangazo linasema asilimia 20. Tangazo linataja Julai, ilhali mstari wa mwisho kwenye taarifa ya mfuko ni Juni. Anayeandika matangazo haya kwa kawaida ni mhasibu au afisa utumishi, na wote wawili wanajua hesabu vizuri. Kasoro ni kwamba wameandika kama watu wanaojua tayari, kwa ajili ya watu ambao hawajui.

Mhariri akikabidhiwa tangazo kama hili, kazi yake ya kwanza si kunyoosha lugha. Aombe karatasi tatu: orodha ya mishahara ya mwezi husika, orodha ya michango iliyopelekwa kwenye mfuko, na risiti ya malipo. Asipopewa, kalamu ibaki mezani, kwa sababu hatajua anachokihariri ni kweli au si kweli.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha mikate chenye wafanyakazi 38. Ni mfano tu wa kutusaidia kuona hesabu. Mshahara wa Juni 2025 umelipwa tarehe 30 Juni. Jumla ya mishahara ghafi ni shilingi 19,400,000. Tarehe 18 Julai kampuni imelipa NSSF, na tarehe 22 Julai mhasibu ameandika tangazo tulilolisoma hapo juu.

Anzia kwenye mwezi, maana ndipo penye msukosuko mkubwa. Neno "Julai" kwenye tangazo hilo linaweza kuwa na maana tatu. Linaweza kuwa mwezi ambao watu wamefanya kazi wakastahili mshahara. Linaweza kuwa mwezi ambao fedha zimetoka benki kwenda NSSF. Linaweza hata kuwa mwezi wa tangazo lenyewe. Kwa mhasibu ni Julai kwa sababu leja yake inaonyesha fedha zimetoka tarehe 18 Julai. Kwa mfuko, fedha hizo ni mchango wa Juni, kwa sababu mfuko unahesabu mwezi wa mshahara. Kwa fundi wa tanuri aliyesoma tangazo, Julai ni mshahara anaoungoja wiki ijayo, na swali lake ni la haki kabisa: "Kaka mhasibu, mmenikataje mshahara ambao bado sijaupokea?"

Tofauti hii ya mwezi mmoja haikuzuka kwa bahati mbaya. Sheria ya NSSF, iliyotungwa mwaka 1997 na kuubadilisha mfuko wa akiba wa tangu 1964 kuwa mfuko wa pensheni, inampa mwajiri mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kumalizika ili alipe mchango. Mchango wa Juni una nafasi mpaka mwisho wa Julai. Kwa hiyo kampuni inayolipa tarehe 18 Julai haijachelewa hata siku moja, na mfanyakazi anayefungua taarifa yake tarehe 5 Julai akakuta Juni haipo hajaibiwa. Tangazo lililoandikwa vizuri linamwondolea hofu hiyo kwa sentensi moja. Tangazo bovu linaizalisha, halafu foleni ya wanaouliza inajaa mlangoni kwa mhasibu.

Kuna hatari nyingine, na hii ina uzito kuliko foleni. Kampuni ikiruka mwezi, kisha ikalipa mwezi unaofuata kwa tarehe sahihi, neno "Julai" peke yake linaweza kufunika pengo. Tuseme kiwanda chetu hakikulipa mchango wa Mei. Mwezi Juni kikakaa kimya, mwezi Julai kikalipa mchango wa Juni, na tangazo likasema michango imewasilishwa mwezi Julai. Hakuna uongo hapo. Lakini msomaji atahesabu matangazo ubaoni na kudhani mambo ni shwari, kumbe kwenye taarifa ya mfuko Aprili inafuatwa na Juni. Njia pekee ya kuliona pengo ni kila tangazo kutaja mwezi wa mshahara. Ukiwa na matangazo ya Aprili na Juni bila la Mei, hata mtu asiyejua hesabu ataona kuna jino limeng'oka.

Na mwezi mmoja ni kitu. Ili mwanachama apate pensheni ya uzeeni anahitaji miezi isiyopungua 180 ya michango, yaani miaka 15. Kikokotoo kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022 kinachukua wastani wa mshahara wa mwaka kutokana na miaka mitatu bora, kinazidisha kwa idadi ya miezi ya michango, kisha kinagawanya kwa 580. Kwa mtu ambaye wastani wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, sawa na 7,200,000 kwa mwaka, mwezi mmoja wa mchango una thamani ya shilingi 12,400 na ushee kwenye pensheni kamili ya mwaka, kabla ya kutenga sehemu inayotolewa kwa mkupuo. Si fedha nyingi ukiitazama mara moja. Lakini inapungua kila mwaka, maisha yote ya uzeeni. Na aliyeishia miezi 179 hana pensheni ya kila mwezi, anaishia kwenye malipo ya mkupuo. Ndiyo maana nasema mwezi wa mshahara ukae kwenye kichwa cha tangazo, kwa herufi kubwa, pamoja na mwaka wake.

Tukitoka kwenye mwezi tunakuja kwenye mafungu mawili. Tangazo letu linasema asilimia 20 "imekatwa kwenye mishahara yenu". Kama ni kweli, kampuni imevunja sheria na imetangaza yenyewe kwa muhuri. Mchango wa NSSF kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, lakini kinachoruhusiwa kukatwa kwa mfanyakazi hakizidi asilimia 10. Kilichobaki ni cha mwajiri, anakitoa mfukoni mwake juu ya mshahara. Mwajiri mkarimu anaweza kubeba zaidi ya nusu, wapo wanaofanya hivyo, ila hawezi kumbebesha mfanyakazi zaidi ya nusu.

Mhasibu aliyeandika sentensi ile hakukusudia kukiri kosa. Kwake jumla ya asilimia 20 ni malipo moja, yenye namba moja ya kumbukumbu ya malipo na risiti moja, basi ameyaandika kama kitu kimoja. Mhariri afanye kinyume: ayatenganishe mafungu, na kila fungu alipe kitenzi chake. Fungu la mfanyakazi linakatwa. Fungu la mwajiri linalipwa na kampuni, linaongezwa, au kwa lugha yoyote nyingine, mradi lisikatwe. Nimeona matangazo yanayosema "mchango wa mwajiri umekatwa", na hapo mhariri asinyamaze. Aulize umekatwa wapi. Mara nyingine jibu ni ulimi tu umeteleza. Mara nyingine anagundua kwamba mkataba uliahidi mshahara fulani "kila kitu ndani", na kampuni inatoa mafungu yote mawili humo humo. Hilo halirekebishwi na mhariri. Linarudi kwa mkuu wa utumishi na, ikibidi, kwa mwanasheria, kabla tangazo halijatoka.

Asilimia peke yake haimsaidii msomaji. Weka mfano mmoja wenye tarakimu za duara ambazo mtu anaweza kuzigeuza kuwa zake. Mfanyakazi wa kiwanda chetu ana mshahara wa msingi wa shilingi 480,000 na posho ya nyumba na usafiri ya 120,000, hivyo mshahara ghafi ni 600,000. Amekatwa 60,000. Kampuni imeongeza 60,000. Kwa jina lake zimelipwa 120,000. Hapa mfano unafanya kazi ya ziada bila kelele, maana unaonyesha kwamba asilimia inahesabiwa kwenye ghafi. Wapo waajiri wanaohesabu kwenye mshahara wa msingi pekee. Kwa mfanyakazi huyu wangekata 48,000, naye angefurahia nyongeza ya 9,600 mkononi, asijue kwamba kwenye kumbukumbu za mfuko mshahara wake umeandikwa 480,000, na wastani wa pensheni yake utatoka huko.

Usijaribu kumweleza mfanyakazi kwa kutumia fedha anayopokea mkononi. Mchango wake unatolewa kabla ya kodi ya mapato, kwa hiyo hesabu ya kurudi nyuma haitamkubalia. Kwa viwango vya kodi vya Juni 2025, mtu wa 600,000 anakokotolewa kodi kwenye 540,000 zinazobaki, na analipa 24,000. Bila mchango angelipa 36,000. Akipokea 516,000 akaanza kutafuta asilimia 10 yake ndani ya hizo, atapotea njia. Mwelekeze kwenye mstari wa mshahara ghafi kwenye slipu na kwenye mstari wa makato ya NSSF. Mistari miwili inatosha. Kodi ina tangazo lake siku nyingine.

Wanaochanganyikiwa zaidi na mafungu ni wale waliotoka serikalini. Tangu Agosti 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, watumishi wa umma wako huko na sekta binafsi iko NSSF. PSSSF nayo ni asilimia 20, lakini mtumishi anakatwa 5 na mwajiri analipa 15. Mwalimu aliyehama shule ya serikali kwenda shule binafsi anaona makato yamekuwa maradufu na anaamini ameonewa. Kama eneo lenu lina watu wengi wa aina hiyo, maelezo ya sentensi moja yanafaa. Kama hawapo, usiyaweke. Hali kadhalika kwa kampuni zenye tawi Nairobi, ambako wakubwa hupenda kutuma kielelezo kimoja kitumike kote. NSSF ya Kenya ina jina hilo hilo, lakini ni asilimia 6 kwa kila upande, ina kikomo cha mshahara unaohesabiwa, na mwisho wa kulipa ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kielelezo cha Nairobi kikibandikwa Dar es Salaam bila kuguswa, kila tarakimu ndani yake ni kosa.

Pia usiingize michango ambayo mfanyakazi hahusiki nayo. Mwajiri hulipa vilevile Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), lakini huo anaulipa peke yake. Ukiutaja kwenye sentensi moja na NSSF, kuna atakayeamini anakatwa.

Sasa neno "kuwasilishwa". Linapendwa kwa sababu lina heshima ya kiofisi na halimtaji mtu. Lakini kuna hatua kadhaa kati ya kukata mshahara na fedha kuingia kwenye jina la mwanachama, na "kuwasilishwa" linaweza kusimama kwenye hatua yoyote. Mwajiri huandaa orodha ya mwezi kwenye mfumo wa mfuko, yenye majina, namba za uanachama, mishahara na michango. Kisha hupata namba ya kumbukumbu ya malipo. Kisha hulipa, benki au kwa simu, na hupata risiti. Orodha inaweza kuwa imeingizwa bila shilingi kulipwa, na mhasibu akasema kwa moyo mweupe kwamba michango imewasilishwa. Ndiyo sababu mhariri anaomba risiti. Kama risiti ipo, aandike "imelipwa", ataje nani kalipa na tarehe. Kama ipo namba ya malipo tu, aandike kwamba orodha imeandaliwa na malipo bado. Hakuna neno la katikati linalofaa.

Hapo ndipo zile karatasi tatu zinapowekwa sambamba. Orodha ya mishahara ya kiwanda ina watu 38 na jumla ya 19,400,000, kwa hiyo mchango wote ungepaswa kuwa 3,880,000, nusu kwa nusu, 1,940,000 kila upande. Risiti inasema 3,820,000. Zimepungua 60,000. Kwenye orodha ya michango kuna majina 37. Aliyekosekana ni kijana aliyeanza kazi tarehe 16 Juni akalipwa nusu mwezi, 300,000. Slipu yake inaonyesha amekatwa 30,000, lakini namba yake ya uanachama haikuwa imepatikana, na mhasibu akamweka kando ili wengine wasicheleweshwe. Uamuzi huo unaeleweka, na muda wa kisheria bado upo, siku tisa tangu tarehe ya tangazo. Kilichokuwa kibaya ni maneno "wafanyakazi wote".

Ulinganisho huo unachukua dakika chache, na ndio unaotofautisha uhariri na kupanga koma. Tofauti ikiwa ndogo namna ile, kwa kawaida ni mtu mmoja. Gawanya kwa asilimia 20 upate mshahara wake, kisha umtafute kwenye orodha: 60,000 ni asilimia 20 ya 300,000, na mtu wa 300,000 ni mmoja. Tofauti ikiwa kubwa na ikagusa kila mstari, shuku msingi wa hesabu, kwamba pengine posho zimeachwa. Jumla ikiwa nusu kamili ya inavyotakiwa, mtu amelipa fungu moja tu. Kuna waajiri wanaodhani wakilipa ile asilimia 10 waliyokata wamemaliza deni la wafanyakazi na iliyobaki ni hiari yao. Sivyo. Mchango ni mmoja, wa asilimia 20, na mwenye deni kwa mfuko ni mwajiri.

Baada ya hayo yote, tangazo linaandikika hivi:

"TAARIFA KWA WAFANYAKAZI: MICHANGO YA NSSF YA MSHAHARA WA JUNI 2025

22 Julai 2025

Kampuni imelipa NSSF michango inayotokana na mshahara wa Juni 2025, mliopokea tarehe 30 Juni. Malipo yalifanyika tarehe 18 Julai 2025. Kwenye taarifa yako ya uanachama yatasomeka kama mchango wa Juni.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, yaani mshahara wa msingi pamoja na posho zilizo kwenye slipu yako. Asilimia 10 imekatwa kwako. Asilimia 10 imelipwa na kampuni juu ya mshahara wako. Mwenye mshahara ghafi wa shilingi 600,000 amekatwa 60,000, kampuni imeongeza 60,000, na kwa jina lake zimelipwa 120,000.

Malipo haya ni ya wafanyakazi 37 kati ya 38. Aliyebaki amejulishwa mwenyewe, na mchango wake wa Juni utalipwa kabla ya tarehe 31 Julai.

Linganisha makato ya NSSF kwenye slipu ya Juni na mchango wa Juni kwenye taarifa yako ya NSSF. Mchango wa mfuko unapaswa kuwa mara mbili ya makato yako. Ukiona tofauti, mwone mhasibu ukiwa na slipu hiyo."

Ni refu kuliko la mwanzo, nami sioni shida. Lile fupi lilikuwa fupi kwa sababu liliacha mambo. Angalia sentensi inayosema mchango unapaswa kuwa mara mbili ya makato: hiyo nimeiongeza kwa ajili ya yule asiyependa asilimia. Kampuni inayobeba zaidi ya nusu ibadilishe sentensi hiyo, vinginevyo itawapotosha watu. "Ahsanteni kwa ushirikiano" imeondoka, kwa kuwa hakuna aliyeombwa ushirikiano, na "kwa mujibu wa sheria" imeondoka pia. Aliyelipa ndani ya muda hana haja ya kujitetea, na ambaye hakulipa hawezi kuokolewa na maneno hayo.

Kijana wa nusu mwezi hakutajwa jina, na kwa sababu kiwanda ni kidogo ilibidi kuwa waangalifu hata na maelezo yake. Ukiandika "mfanyakazi mpya" na mpya ni mmoja, umemtaja. Kwa msingi huo huo, usikubali ushauri wa kubandika orodha nzima ya michango ubaoni ili kila mtu ajionee. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Yeyote akizidisha kwa tano amepata mshahara wa jirani yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jambo hilo limetoka kwenye aibu ya kijiweni na kuwa kosa linaloweza kufika mbali. Ubaoni iwekwe taarifa ya jumla, na ya mtu binafsi abaki nayo mwenyewe.

Limebaki tangazo gumu kuliko yote, la mwezi ambao haukulipwa. Rasimu yake ninaweza kuikisia bila kuiona: "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, baadhi ya michango imechelewa na itawasilishwa hivi karibuni." Hakuna mwezi, hakuna fungu, hakuna tarehe. Mhariri atabishana na bosi hapa, na hoja yake isiwe ya maadili, iwe ya vitendo. Mfanyakazi anaweza kuona michango yake mwenyewe kwa simu au akienda ofisi ya mfuko. Pengo la Mei analijua kabla ya tangazo. Asichokijua ni kama kampuni nayo inalijua.

Maneno yanayotakiwa ni kama haya: "Michango ya NSSF ya mshahara wa Mei 2025 haijalipwa. Asilimia 10 yenu ilikatwa kwenye mshahara wa Mei. Kampuni inadaiwa asilimia 20 yote pamoja na tozo ya kuchelewa, na tozo hiyo haitakatwa kwa mfanyakazi yeyote." Sentensi ya kati inauma kuiandika. Bila hiyo, wapo watakaodhani hawakukatwa, na wapo watakaoogopa kukatwa mara ya pili fedha zikipatikana. Inayohusu tozo ni muhimu vilevile, kwa kuwa mfuko humtoza mwajiri anayechelewa, na tozo huongezeka kadiri miezi inavyopita.

Tarehe ya kulipa iandikwe tu kama mwenye mamlaka ya kusaini malipo ameikubali kwa maandishi. Mhasibu kusema "wiki ijayo tutakuwa sawa" si tarehe. Kama haipo, andika siku ambayo taarifa inayofuata itatolewa, kisha siku hiyo itoe, hata kama habari ni ile ile. Na fedha zikipatikana, angalia orodha ya malipo imeandikwa Mei. Mwajiri aliyelemewa akilipa mwezi Agosti hushawishika kulipia mwezi wa karibuni, Julai, ili aonekane yuko ndani ya muda, na Mei ikaachwa palepale ilipokuwa, tozo ikiendelea kupanda juu yake. Tangazo la kufuta deni liwe na kichwa chake lenyewe, "Michango ya mshahara wa Mei 2025 imelipwa", na lisichanganywe na la mwezi wa kawaida hata kama fedha zote zimetoka siku moja.